Pete ya Chuma ya Mukuku na Swali la Mwenye Mali

Tarehe 30 Desemba, 2024, yapata saa tisa alasiri, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya. Kipenyo chake kilikuwa kiasi cha mita 2.5, na uzito wake ulikadiriwa kuwa kilo 500. Hakuna mtu aliyeuawa. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliichukua pete hiyo na kutangaza, mwanzoni mwa Januari, 2025, kwamba yaelekea ilikuwa pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Baada ya siku chache habari zilienea kwamba Kenya imeidai India fidia. Shirika likazikanusha: uchunguzi ulikuwa bado unaendelea na hapakuwa na dai lolote.

Kanusho hilo lilikuwa fupi, lakini ndani yake mna kiini cha tatizo. Sheria ya mataifa imekwisha kuamua tangu mwaka 1972 nani alipe pale chombo cha anga za juu kinapoleta madhara duniani. Uamuzi huo ni mzuri kwa mnyonge kuliko sheria nyingi za namna yake. Hata hivyo hauna nguvu yoyote mpaka mwenye chombo ajulikane, na kazi ya kumjua imeachwa mikononi mwa yule aliyeangukiwa. Jambo hilo lastahili kufikiriwa katika shule za Mafinga na Mbeya sawasawa na za Makueni, kwa kuwa njia za vyombo vya angani hazifuati mipaka ya nchi.

Yafaa kuanza na sababu ya dhima yenyewe. Mkataba wa Anga za Juu, uliofunguliwa kutiwa sahihi tarehe 27 Januari, 1967, unasema katika kifungu chake cha pili kwamba anga za juu, pamoja na Mwezi na magimba mengine, haziwezi kutwaliwa na taifa lolote, iwe kwa kudai enzi juu yake, kwa kuzitumia, kwa kuzikalia, au kwa njia nyingine yoyote. Matokeo yake kwa mkulima wa Mufindi ni haya: ndege ya kigeni haiwezi kupita juu ya shamba lake pasipo idhini ya serikali yake, lakini setilaiti ya kigeni yaweza kupita hapo mara nyingi kila siku bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Serikali haina mlango wa kufunga huko juu.

Basi kama hapana mlango wa kufunga, lazima pawe na wa kulipa. Ndiyo maana kifungu cha saba cha mkataba huo huo kikaiwekea dhima nchi inayorusha chombo, na Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972 ukaeleza dhima hiyo kwa urefu. Kanuni hizi mbili hufundishwa mara nyingi kama mambo mawili yasiyohusiana. Kwa kweli ni pande mbili za mapatano mamoja: mataifa yaliacha haki ya kuzuia, yakapewa haki ya kulipwa.

Si mataifa yote yaliyoyapokea mapatano hayo kwa moyo mkunjufu, na Afrika ya Mashariki ilikuwa miongoni mwa waliolalamika. Mwaka 1976 wajumbe wa nchi zilizo chini ya ikweta walikutana Bogota, mji mkuu wa Kolombia. Kenya na Uganda zilikuwamo, pamoja na Zaire ya wakati huo, Kongo, Ekwado na Indonesia. Walidai kwamba ile njia iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta ni mali ya asili ya nchi zilizo chini yake. Huko setilaiti huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha, hata ikaonekana imesimama mahali pamoja. Hoja yao ilikuwa kwamba njia hiyo ipo kwa sababu ya mvutano wa dunia, kwa hiyo si sehemu ya anga za juu. Tena mkataba wa 1967 haukusema anga za juu zinaanzia wapi.

Mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha nne aweza kuuona udhaifu wa hoja hiyo. Setilaiti haivutwi na ardhi ya Kenya au ya Uganda iliyo chini yake. Inavutwa na dunia nzima, kuelekea katikati yake. Milima ya Andes, bahari ya Hindi na misitu ya Siberia zote zina sehemu yao katika kuishikilia. Zaidi ya hayo, kama mvutano ungekuwa hati ya kumiliki, Mwezi nao ungekuwa wa dunia, na kifungu cha pili kisingekuwa na maana yoyote. Dai la Bogota halikukubaliwa.

Hata hivyo malalamiko yaliyokuwa nyuma ya dai hilo yalikuwa ya haki. Nchi tajiri zilikuwa zikijaza nafasi zilizo bora kwa kanuni ya anayewahi hupata, na kukalia mahali kwa muda mrefu pasipo kuondoka kunafanana mno na kutwaa, hata kama neno lenyewe halitamkwi. Ushindi ulipatikana kwa njia nyingine, katika Shirika la Mawasiliano la Kimataifa. Mpango uliopitishwa huko mwaka 1988 uliitengea kila nchi nafasi yake katika njia hiyo kwa baadhi ya masafa ya mawasiliano, iwe ina roketi au haina. Nchi za ikweta zilikosa enzi zikapata zamu, na zamu ndiyo inayofaa zaidi pale ambapo hakuna anayeweza kujenga ua.

Turudi kwenye pete. Mkataba wa Dhima unatofautisha mahali madhara yanapotokea. Vyombo viwili vikigongana huko juu, anayedai ni lazima athibitishe kwamba mwenzake alikosea. Lakini madhara yakitokea juu ya uso wa dunia, au kwa ndege iliyo angani, nchi iliyorusha hulipa bila kuulizwa kama ilikosea au haikukosea. Hii ndiyo dhima kamili. Bila kanuni hiyo mwanakijiji aliyebomolewa nyumba angetakiwa aonyeshe kosa la mhandisi wa nchi ya mbali, katika michoro ambayo ni siri. Tena “nchi iliyorusha” si moja tu. Ni ile iliyorusha, ile iliyoagiza chombo kirushwe, ile ambayo ardhi yake ilitumika, na ile ambayo mitambo yake ilitumika. Zikiwa tatu au nne, anayedai aweza kudai fidia yote kutoka kwa moja, nazo zikagawane mzigo baadaye. Na roketi ikiwa ni ya kampuni ya watu binafsi, nchi husika haiwezi kujificha nyuma ya kampuni hiyo.

Kenya inalijua jambo hili kutoka pande zote mbili. Tarehe 12 Desemba, 1970, roketi ya Kimarekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa ilirushwa siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Na tarehe 15 Aprili, 2023, setilaiti ya Kenya yenyewe, Taifa-1, ilirushwa kwa roketi ya kampuni ya Kimarekani kutoka Kalifornia. Kwa kuwa Kenya ndiyo iliyoagiza, kipande cha chombo hicho kingemdhuru mtu popote duniani, yeye angeweza kugeukia Nairobi.

Sasa ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba pete kama ile ya Mukuku imeanguka si Makueni bali karibu na Mafinga, katika shamba la misonobari la mwanakijiji, mwezi wa Oktoba wakati majani ni makavu. Moto ukawaka, ukateketeza ekari kumi za miti ya miaka kumi na miwili. Ichukuliwe pia kwamba nchi zote zinazohusika zinafungwa na Mkataba wa Dhima. Je, mambo yangekwendaje?

Jambo la kwanza lingekuwa saa. Kitu kinachozunguka dunia karibu na uso wake hukimbia kiasi cha kilomita 7.8 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 470 kwa dakika. Shahidi anayesema “ilikuwa kama saa tisa”, akiwa amekosea kwa dakika tano tu, amekihamisha chombo kwa zaidi ya kilomita 2,300, kutoka Mafinga hadi mbali baharini. Vipo vituo duniani vinavyofuatilia maelfu ya vyombo na kukisia vitaanguka lini, lakini makisio ya mwisho yenyewe huweza kupotoka kwa dakika nyingi, kwa sababu hewa ya juu hutanuka na kusinyaa kufuatana na nguvu za Jua. Makisio yaliyolegea yakikutana na ushahidi uliolegea, watuhumiwa huwa wengi mno. Mwalimu aliyetazama saa yake aliposikia kishindo angekuwa shahidi bora kuliko watu mia waliokuja kuitazama pete jioni.

Jambo la pili ni mahali penyewe. Kila chombo huizunguka dunia katika bapa lililoinama kwa pembe fulani kutoka ikweta, na pembe hiyo huamua kinafika wapi. Chombo chenye mwinamo wa digrii 6 hupita kati ya latitudo ya digrii 6 kaskazini na digrii 6 kusini, wala hakivuki hapo. Uhuru, kwa mfano, ilikuwa na mwinamo wa kiasi cha digrii 3. Mafinga iko kwenye digrii 8 na ziada kusini mwa ikweta. Basi mabaki ya Uhuru yasingeweza kuangukia Mafinga kamwe, na vivyo hivyo mabaki ya roketi nyingi zinazorushwa karibu na ikweta kupeleka setilaiti za mawasiliano, ambazo mwinamo wake ni digrii 6 au 7. Mtu mwenye ramani na orodha ya vyombo angeweza kuyafuta majina hayo bila kutoka darasani. Mukuku haina bahati hiyo: iko karibu na digrii 2 tu, na kila chombo chenye mwinamo unaozidi hapo hupita juu yake. Kwa ajili hiyo pete ya Makueni ilikuwa fumbo gumu zaidi. Baadhi ya wachunguzi walikitaja kipande cha roketi ya Ariane iliyorushwa mwaka 2008; wengine walitilia shaka kama pete hiyo ilitoka angani kabisa.

Jambo la tatu ni mabaki yenyewe. Alumini huyeyuka kwenye joto la sentigredi 660, nayo ndiyo sehemu kubwa ya roketi; chuma cha pua huhitaji zaidi ya 1,400, na titani zaidi ya 1,600. Hii ndiyo sababu vitu vinavyofika ardhini mara nyingi ni pete nzito, matangi ya mviringo na pua za injini. Aina ya madini, namna ya kuunganisha, tundu za skrubu na namba zilizochongwa huweza kutaja kiwanda. Vipande vyepesi, kama vitambaa vya kuzuia joto, huanguka kando, na vikitiwa katika ramani huonyesha mstari wa njia kilikotoka chombo. Lakini vitu hivi havifai kuokotwa na wanafunzi kwa mikono mitupu wala kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Matangi huweza kuwa na hidrazini, fueli yenye sumu kali, na kipande kilichohamishwa kabla ya kupigwa picha kimekwisha kupoteza nusu ya ushahidi wake.

Ichukuliwe kwamba kazi hiyo yote imefanyika, na mwenye pete amejulikana. Mwanakijiji hadai mwenyewe. Serikali yake ndiyo inayodai kwa njia ya kibalozi, ndani ya mwaka mmoja, wala haimlazimu kwanza kwenda mahakamani katika nchi iliyorusha. Akipenda kwenda huko aweza, lakini serikali haitadai mara ya pili kwa jambo lile lile. Kiasi cha fidia ni kile kinachomrudisha mwenye hasara katika hali ambayo angekuwamo kama madhara yasingetokea. Hapa mabishano yangekuwa makali. Nchi iliyorusha ingependa kulipa bei ya miche na vibarua wa kupanda. Kwa maneno ya mkataba hiyo haitoshi hata kidogo: aliyepoteza miti ya miaka kumi na miwili amepoteza miaka kumi na miwili, na hesabu sahihi ni thamani ya msitu kama ulivyosimama asubuhi ya siku ile. Bwana Misitu mwenye daftari la kupima vipenyo vya miti angefaa hapo kuliko wakili.

Wakishindwa kupatana kwa mwaka mmoja, upande wowote waweza kutaka iundwe Tume ya Madai ya watu watatu. Lakini uamuzi wa tume hiyo hauwafungi wenye shauri ila kama wote wawili wamekubali hivyo. Vinginevyo ni pendekezo tu. Hili ni pengo la pili la mkataba, nalo halikuingia kwa bahati mbaya.

Namna mambo yanavyokwenda kwa kweli ilionekana Kanada. Tarehe 24 Januari, 1978, setilaiti ya Kisovieti Cosmos 954, iliyokuwa na tanuri la nyuklia, ilivunjika juu ya kaskazini ya nchi hiyo na kutawanya vipande vyenye mnururisho katika eneo kubwa lenye watu wachache. Hakuna aliyekufa. Kanada ilitafuta vipande hivyo kwa miezi kadhaa kwa msaada wa Wamarekani, ikatumia karibu dola milioni 14 za Kikanada, kisha ikadai dola 6,041,174.70. Palikuwa na swali gumu: mkataba unataja kifo, majeraha, kuharibika kwa afya, na hasara ya mali, je, gharama ya kusafisha theluji ni madhara? Kanada ilisema ardhi iliyotiwa sumu ni mali iliyoharibiwa. Tarehe 2 Aprili, 1981, Wasovieti wakakubali kulipa dola milioni 3, na hati ya mapatano haikutamka kwamba wamewajibika.

Wapo wanaoisoma kesi hiyo kama ushindi wa sheria. Yafaa isomwe kwa uangalifu zaidi. Kanada ilipata nusu ya ilichodai, nacho kilikuwa chini ya nusu ya ilichotumia, ingawa mwenye chombo alijulikana tangu siku ya kwanza na ilikuwa na ndege, mitambo na marafiki wenye nguvu. Nchi yenye pete moja na shahidi asiye na saa isitarajie kufanikiwa kuliko hivyo.

Kwa sababu hii, wanaosema kwamba Afrika ihimize kuongezwa kwa viwango vya fidia wanagonga mlango usio wenyewe. Kiwango kilichomo katika mkataba kinatosha. Kinachokosekana ni jina la mwenye mali. Mkataba wa Usajili wa mwaka 1975 unazitaka nchi ziandikishe kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kila chombo, tarehe kiliporushwa, mwinamo wa njia yake na kazi yake. Lakini kuchonga alama juu ya chombo kumeachwa kuwa hiari, na pete na vipande vya roketi mara nyingi havitajwi kimoja kimoja. Gari bovu kabisa katika barabara kuu ya Mafinga lina namba ya injini iliyopigwa juu ya chuma. Si jambo kubwa kudai kwamba pete ya kilo 500 inayopita juu ya barabara hiyo iwe nayo, mahali ambapo moto haufuti. Wenye roketi watasema kuna maelfu ya vipande, na kwamba alama huongeza gharama. Kwa vipande vidogo wana haki. Kwa vile ambavyo hesabu zao wenyewe zinaonyesha vitafika ardhini, hawana.

Mkataba huo wa usajili una kifungu cha sita ambacho hakitajwi sana. Kinasema kwamba nchi iliyodhurika ikishindwa kukitambua chombo, nchi wanachama zenye mitambo ya kufuatilia anga zitaisaidia kwa kadiri ziwezavyo, ikiomba. Basi maombi hayo yapelekwe mapema, kwa maandishi, yakiwa na saa, latitudo, picha na kipimo cha madini, badala ya kungoja habari za magazetini zitaje nchi kwa kubahatisha kama ilivyotajwa India.

Na muda una hesabu yake. Mwaka mmoja wa kudai huanza siku madhara yalipotokea au siku nchi iliyorusha ilipotambuliwa. Na kama haikujulikana, huanza siku nchi iliyodhurika ilipopata habari. Lakini mkataba unaongeza kwamba muda huo hautapita mwaka mmoja tangu siku ambayo nchi hiyo ingetazamiwa kupata habari kama ingefanya bidii ipasavyo. Serikali iliyoiweka pete ghalani bila kuipima, kisha ikajua jina la mwenyewe baada ya miaka mitatu, yaweza kuambiwa kwamba mwaka wake ulikwisha pita.